"Mama anapenda chai na baba kahawa": kitenzi cha pili kimekwenda wapi?

"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, wilaya ya Chamwino. Mwanafunzi wa kidato cha pili ameandika kwenye insha yake: 'Mama anapenda chai na baba kahawa.' Nimeikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni 'sehemu ya pili haina kitenzi'. Mwenzangu mmoja idarani anasema sentensi ni sahihi, mwingine anasema ni Kiingereza kilichotafsiriwa. Nani mkweli? Na kama ni sahihi, nitaichanganuaje ubaoni?"

Mwalimu, sentensi hiyo ni sahihi, na mtoto anastahili alama yake. Wala si sahihi kwa kuonewa huruma, ya kusema "tunamwelewa, basi tumwachie". Imeundwa kwa kanuni, na kanuni hiyo inaweza kuelezwa hata na mwanafunzi wa kidato cha pili akielekezwa vizuri.

Nianze na wino wako mwekundu, kwa sababu ulichoandika pembeni kina ukweli ndani yake. Ni kweli kwamba baada ya "na" hakuna kitenzi kinachosikika. Kosa liko kwenye hatua inayofuata, ya kudhani kwamba kisichosikika hakipo. Ukimuuliza mwanafunzi yeyote darasani kwako, "Je, baba anapenda nini?", atajibu "kahawa" bila kusita. Hakuna atakayejibu kwamba baba anauza kahawa, au analima kahawa, au alikunywa kahawa jana. Wote watakirudisha kitenzi kilekile, katika wakati uleule, katika hali ileile ya kukubali. Kama sehemu ile kweli isingekuwa na kitenzi, wasikilizaji arobaini wasingeweza kukubaliana hivyo. Kitenzi kimedondoshwa, nacho kimeacha pengo ambalo umbo lake kila mzungumzaji analijua.

Udondoshaji huu una masharti, na ndiyo yanayoutofautisha na sentensi iliyokatika tu. La kwanza ni kwamba lazima vibaki vipande viwili, na kila kimoja kiwe kinalinganishwa na kipande cha sentensi iliyotangulia. Hapa "baba" anasimama dhidi ya "mama", na "kahawa" dhidi ya "chai". Ndiyo maana hatusemi "Mama anapenda chai na baba chai". Kitenzi kimedondoshwa kwa namna ileile, lakini kipande cha pili hakina cha kushindana nacho, kwa hiyo sikio linakataa. Hapo Kiswahili kinatupa njia nyingine: "Mama anapenda chai, na baba pia."

Sharti la pili ndilo ninalokusihi ulifundishe, kwa sababu ndilo kipimo. Kirudishe kitenzi mahali pake, kisha angalia umelazimika kubadilisha nini. Ukirudisha kwenye sentensi ya mwanafunzi wako unapata "baba anapenda kahawa", na hakuna kilichobadilika. Sasa chukua hii: "Mimi ninapenda chai na wewe kahawa." Ukirudisha, unapata "wewe unapenda kahawa". Kiambishi cha nafsi kimegeuka kutoka ni- kuwa u-, na bado sentensi iko safi kabisa. Chukua nyingine ambayo wakulima wa huku kwetu wanaweza kuisema mwaka mbaya: "Mvua iliharibu zabibu na kweleakwelea mtama." Kitenzi kilichosikika kina i- ya mvua, na kilichodondoshwa kingekuwa na wa- ya ndege: "kweleakwelea waliharibu mtama". Ngeli zimepishana, na hakuna anayekwazika.

Sababu yake ni kwamba kiambishi cha nafsi hakibebi habari mpya. Kinarudia tu kiima kilichokwisha kutajwa. Msomaji akishaona "kweleakwelea", anakijua kiambishi bila kuambiwa. Lakini mzizi wa kitenzi, wakati, na ukubali au ukanushi havitokani na kiima. Hivyo vitatu msomaji anaviazima kutoka sentensi ya kwanza, na kwa kuwa anaviazima, havina budi kuwa vilevile. Kwa hiyo kipimo kinasema hivi: kitenzi kinaporudi, kiambishi cha nafsi kinaruhusiwa kubadilika, mengine yabaki.

Jaribu kukivunja kipimo hicho uone. "Jana mama alikunywa chai na kesho baba kahawa." Hapo msomaji anasimama, kwa sababu anachoazima ni "alikunywa", na "kesho" haikubali. Au "Mama anapenda chai na baba kiti", ukiwa na maana kwamba baba ananunua kiti. Haiwezekani kabisa, kwa kuwa mzizi umebadilishwa bila msomaji kupewa taarifa. Sentensi kama hizo kata, Mwalimu, na ukate bila huruma. Ila pembeni andika sababu yenyewe: "kitenzi ulichodondosha si kile ulichotaja".

Ukanushi ndio unaowaponza wanafunzi zaidi, kwa hiyo niukalie kidogo. Mtoto akiandika "Mama hapendi chai na baba kahawa", alitaka kusema nini? Akiwa na maana kwamba baba naye hapendi kahawa, Kiswahili kina kiunganishi kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko "na": "Mama hapendi chai, wala baba kahawa." Neno "wala" linaubeba ukanushi na kuuvusha upande wa pili, kwa hiyo pengo linajazwa na "hapendi" bila utata. Lakini akiwa na maana kwamba baba anapenda kahawa, hawezi kudondosha chochote, maana msomaji ataazima "hapendi" wakati yeye alitaka "anapenda". Hata akiweka "bali" au "lakini", bado anamwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Hapo hakuna ujanja, aandike yote: "Mama hapendi chai, lakini baba anapenda kahawa." Kama kinywaji ni kilekile, kuna njia fupi ambayo sote tunaitumia: "Mama anapenda chai, baba hapana."

Kuna sehemu moja ambapo kipimo changu kinalegea, na ni haki uijue kabla mwanafunzi mwerevu hajakuuliza. Watu wawili wameingia Soko la Majengo na mmoja anamwambia mwenzake: "Wewe chukua nyanya, mimi vitunguu." Ni Kiswahili safi. Lakini ukirudisha kitenzi hupati "mimi chukua vitunguu", unapata "mimi nichukue vitunguu". Umbo limebadilika mwishoni, si mwanzoni tu. Ninavyoelewa mimi, hili linawezekana kwa sababu amri na dhamira ni ndugu wa karibu. Kwa nafsi ya pili tunaamuru kwa "chukua", na kwa kuwa mtu hajiamuru hivyo mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza tunasema "nichukue". Kazi ya maneno yote mawili ni moja, kugawana majukumu. Msomaji anaazima kazi hiyo pamoja na mzizi.

Nimgeukie mwenzako anayesema huu ni Kiingereza kilichotafsiriwa. Ni kweli Kiingereza kinao muundo huu, na huko nako ni sahihi, ingawa una harufu ya maandishi zaidi kuliko ya mazungumzo. Lakini lugha mbili kuwa na muundo mmoja hakuthibitishi kwamba moja imeazima. Mwanaisimu John Robert Ross, ambaye maelezo yake ya udondoshaji huu, ya mwaka 1970, ndiyo yaliyoufanya ujulikane sana katika taaluma, alionyesha jambo linalovutia. Pengo halikai ovyo, linafuata mpangilio wa maneno wa lugha. Lugha ambazo kitenzi hukaa katikati, baada ya kiima na kabla ya shamirisho, hudondosha kitenzi cha pili. Kijapani, ambacho huweka kitenzi mwisho, hudondosha cha kwanza. Mjapani husema kitu chenye mpangilio wa "mama chai, baba kahawa anapenda". Kiswahili huweka kitenzi katikati, kwa hiyo pengo linakaa upande wa pili. Jaribu kuligeuza, "Mama chai na baba anapenda kahawa", utaona linavyogoma. Kinachoamua ni muundo wa Kiswahili chenyewe. Na yule mama wa sokoni anayegawa kazi ya nyanya na vitunguu hakuhitaji somo la Kiingereza ili aseme vile.

Mwenzako huyo anaweza kukuuliza pia kama sentensi ya Kiswahili inaruhusiwa kukosa kitenzi. Mkumbushe methali "Vita vya panzi, furaha ya kunguru". Hakuna kitenzi hata kimoja pale, na hakuna aliyewahi kuikata. Tusichanganye mambo, hata hivyo. Kwenye methali kinachokosekana ni "ni" tu, na hakikuazimwa kutoka popote. Kwenye sentensi ya mwanafunzi wako pengo linategemea kitenzi kilichotangulia.

Pamoja na kuitetea sentensi, sitaki uondoke ukidhani haina tatizo lolote. Ina moja, nalo linatoka kwenye "na". Kiunganishi hicho kinaunga sentensi na sentensi, lakini mara nyingi zaidi kinaunga jina na jina. Msomaji akifika "Mama anapenda chai na baba", kwa sekunde moja anaweza kudhani mama anapenda vitu viwili, chai na baba. Akikutana na "kahawa" analazimika kurudi nyuma na kuisoma upya. Kwa mdomo shida hiyo haipo, kwa sababu tunapumzika kidogo baada ya "chai" na kuliinua jina "baba". Kwenye karatasi pumzi hiyo haionekani, hivyo mwandishi aiweke kwa njia nyingine.

Ya rahisi ni mkato: "Mama anapenda chai, na baba kahawa." Ninayoipenda mimi ni "naye": "Mama anapenda chai, naye baba kahawa." Umbo hilo linamtangazia msomaji kwamba kiima kipya kinaingia, kwa hiyo hawezi kumuunga baba na chai. Nalo linafuata ngeli: "Mvua iliharibu zabibu, nao kweleakwelea mtama." Ukimfundisha mtoto matumizi haya mawili, utakuwa umempa kitu kikubwa kuliko ile alama moja. Ninaona "naye" inapungua katika maandishi ya vijana, na nasikitika, kwa sababu ni chombo ambacho lugha nyingine zingekitamani.

Mahali ambapo utata wa "na" unauma kweli ni pale watu wanapokuwa mashamirisho. Soma hii: "Mwalimu wa darasa alimsifu Asha na mkuu wa shule Juma." Mwandishi alikusudia kwamba mwalimu alimsifu Asha, na mkuu wa shule akamsifu Juma. Lakini "mkuu wa shule Juma" inasomeka pia kama mkuu wa shule anayeitwa Juma, na hapo mwalimu anakuwa amewasifu Asha na bosi wake. Dalili pekee ni kiambishi m- ndani ya "alimsifu". Wangekuwa wawili, wengi wetu tungetarajia "aliwasifu". Ni dalili nzuri, lakini ni herufi moja, na msomaji mwenye haraka haioni. Mwambie mwanafunzi arudie kitenzi.

Kiambishi hicho cha shamirisho kinaleta jambo jingine. "Asha alimpikia mgeni wali na Juma watoto ugali" ukiirudisha inakuwa "Juma aliwapikia watoto ugali". Kiambishi kilichobadilika si cha kiima, ni cha shamirisho. Watu huisema, na tunawaelewa, ila sikio langu linakwaruzika, na kwenye insha ningeiandikia pembeni "rudia kitenzi" bila kuikata alama. Nadhani wazungumzaji wazuri watatofautiana hapa, na kutofautiana huko si aibu.

Kitenzi chenye mashamirisho mawili kinahitaji mfano kamili, maana ndicho kinacholeta ugomvi nje ya darasa. Tuseme kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo kimeandika kwenye muhtasari wa kikao: "Katibu alimkabidhi mweka hazina risiti na mwenyekiti daftari." Baada ya miezi mitatu daftari halionekani. Nani alikuwa nalo? Kuna masomo mawili, na yote mawili yanaruhusiwa na sarufi. Katika la kwanza, "mwenyekiti" amesimama dhidi ya "mweka hazina": katibu alimkabidhi mwenyekiti daftari, kwa hiyo mwenyekiti ndiye aliyelipokea. Katika la pili, "mwenyekiti" amesimama dhidi ya "katibu": mwenyekiti alimkabidhi mweka hazina daftari, kwa hiyo aliyelipokea ni mweka hazina. Wasomaji wengi huanza na la kwanza, kwa kuwa jina lililo karibu ndilo rahisi kulinganisha nalo. Lakini urahisi wa kusoma hauthibitishi alichokusudia mwandishi, na hakuna kanuni yoyote ya lugha itakayoamua kesi hiyo. Katibu angeandika "na kumkabidhi mwenyekiti daftari", au "naye mwenyekiti akamkabidhi mweka hazina daftari", kusingekuwa na mjadala. Maneno machache zaidi yangetosha.

Sasa ubaoni. Usiiite sentensi sahili kwa sababu tu umehesabu kitenzi kimoja. Ni ambatano, kwa kuwa ina viima viwili na taarifa mbili zilizo sawa hadhi. Gawa S, yaani sentensi, katika S1, U ya kiunganishi, na S2. Katika S1, KN, yaani kundi nomino, ni "mama", na KT, yaani kundi tenzi, ina T ya kitenzi "anapenda" pamoja na KN "chai". U ni "na". Katika S2, KN ni "baba", na KT ina T ambayo chini yake unaweka alama ya utupu Ø, ikifuatwa na KN "kahawa". Alama hiyo ndiyo kiini cha somo: nafasi ya kitenzi ipo, sauti ndiyo haipo. Kisha wape wanafunzi "Mama huenda Kibaigwa Jumatatu na baba Alhamisi" wajaze Ø wenyewe. Watagundua mambo mawili bila kuambiwa. Kilichodondoshwa ni "huenda Kibaigwa" yote, si kitenzi peke yake, na kwa kuwa hu- haichukui kiambishi cha nafsi, hakuna hata herufi moja iliyobadilika.

Waulize pia kwa nini hatuwezi kusema "Mama anapenda chai kwa sababu baba kahawa", wala "Mama anapenda chai na shangazi anasema kwamba baba kahawa". Katika ya kwanza sehemu ya pili ni kishazi tegemezi, na katika ya pili pengo limefichwa ndani ya kishazi kingine. Udondoshaji huu unataka vishazi viwili vilivyo sawa na vinavyotazamana moja kwa moja. Mwanafunzi akiliona hilo, tofauti kati ya ambatano na changamano itamkaa kuliko kwa fasili ya kukariri.

Kuhusu alama, nakushauri usiimalize mwenyewe ofisini. Peleka insha hiyo kwenye kikao cha walimu wa somo, mkubaliane mtasahihishaje sentensi za aina hii kwa madarasa yote, kwa sababu mtoto mmoja akipata na mwingine akakosa kwa sentensi ileile, hapo ndipo uonevu ulipo. Mkishindwa kuafikiana, mpelekee mwalimu wa sintaksia katika Chuo Kikuu cha Dodoma mkiwa na sentensi yenyewe, au liandikieni Baraza la Kiswahili la Taifa. Na kama utata uko kwenye muhtasari wa fedha, mkataba wa shamba au wosia, msitafute jibu kwa mtu wa lugha peke yake. Nendeni kwa wakili na karatasi yenyewe, mkifuatana na walioshuhudia ikiandikwa, kabla mtu yeyote hajaongeza neno ndani yake.